RF na Anti-CCP: Majibu Husomwa Pamoja na Viungo

Mshonaji wa miaka 42 huamka vidole vikiwa vimekakamaa. Hawezi kushika sindano wala kufunga vifungo vya gauni mpaka saa nzima ipite. Vifundo sita vya vidole vyake, mikono yote miwili, vimevimba kwa miezi mitatu sasa. Daktari anashuku baridi yabisi, anaagiza apimwe damu. Majibu yanarudi: RF 30, anti-CCP 160. Kikomo cha kawaida cha maabara hiyo ni 14 kwa RF na 20 kwa anti-CCP.

Vipimo vyote viwili husaka kingamwili zilizogeukia mwili wenyewe. RF ina udhaifu mmoja mkubwa: huonekana pia kwa wenye homa ya ini aina ya C, kifua kikuu, maambukizi ya vali za moyo, na hata kwa wazee wasiougua chochote. Anti-CCP haionekani ovyo namna hiyo, ingawa kifua kikuu huweza kuipandisha nayo. Kwa baadhi ya watu huwa imo katika damu miaka kadhaa kabla kiungo chochote hakijavimba.

Mwongozo wa mwaka 2010 wa vyama vya madaktari wa baridi yabisi vya Marekani na Ulaya hutoa alama, baada ya magonjwa mengine yanayoweza kueleza uvimbe kuondolewa. Mshonaji anapata 3 kwa viungo vidogo sita, 3 kwa anti-CCP iliyozidi kikomo mara tatu, 1 kwa dalili zilizopita wiki 6, na 1 kwa kuwa ESR yake, kipimo cha uvimbe mwilini, imepanda. Jumla ni 8. Zinazohitajika ni 6.

Jirani yake, mzee wa miaka 68, naye ana RF 30. Lakini anti-CCP yake ni hasi, kinachomuuma ni magoti tu, hayakuvimba, na ukakamavu wa asubuhi humwisha kwa dakika kumi. Huyo magoti yamechakaa. Kumpa dawa ya methotrexate kwa sababu ya namba ile moja ni kumtesa bure.

Je, kama vipimo vyote viwili vya mshonaji vingekuwa hasi? Angebaki na alama 5, na vidole vilevile vilivyovimba. Hapo ndipo wengi huambiwa hawana kitu, warudi nyumbani, jambo ambalo ni kosa: kati ya wagonjwa 10 wa baridi yabisi, wawili au watatu hawana RF wala anti-CCP. Daktari makini humchunguza tena, na akiweza hutazama viungo kwa ultrasaundi.

Tiba ikishaanza, hakuna haja ya kulipia RF kila mwezi. Maendeleo hupimwa kwa kuhesabu viungo vilivyovimba na kwa ESR au CRP. Na mwenye vidole vilivyovimba na kukakamaa kila asubuhi amwone daktari mapema, bila kungoja wiki 6 zitimie, hata kama karatasi ya RF imeandikwa hasi.