Vidole kwenye besi kubwa

Swali: Natoka kwenye gitaa la besi, sasa nipo na besi kubwa ya kikundi chetu cha taarab. Kila kidole na noti yake, lakini mkono unauma na sauti hupotea. Ninakosea wapi?

Jibu: Ndugu yangu, acha kidole kimoja kwa kila nusu toni. Karibu na kichwa cha besi nafasi ni pana mno. Tumia cha shahada, cha kati na cha mwisho. Cha pete kikisaidie cha mwisho kukandamiza. Kutoka cha shahada hadi cha mwisho ni toni moja tu.

Jaribu skeli ya G: uzi wa E, kidole cha kati. Uzi wa A mtupu, cha shahada, cha kati. Uzi wa D mtupu, cha shahada, cha mwisho. Malizia G mtupu. Mkono haukuhama.

Mkono ukiuma bado, tazama mguu wa chuma: mwanzo wa shingo uwe usawa wa nyusi, na mkono wa upinde ufike juu ya daraja bila kuinama.

Upinde wa Kijerumani hushikwa kwa chini, wa Kifaransa kwa juu. Chagua anaoutumia mwalimu wako.