Sikio Linalotoa Usaha: Kijitabu cha Nyumba za Kasongo na Kabambare

Mara nyingi mambo huanza na mafua. Siku mbili tatu baadaye mtoto anaamka usiku, analia, ameshika sikio, na mwili unachemka. Kunapokucha mto umelowa majimaji ya njano, lakini mtoto amelala fofofo. Maumivu yamekwisha, na mama anashukuru Mungu.

Kilichotokea usiku ule ni kwamba usaha ulijaa nyuma ya ngoma ya sikio, ukaisukuma mpaka ikatoboka. Ngoma hiyo ni utando mwembamba unaotenga tundu la nje la sikio na chumba kidogo cha ndani. Maumivu yalitokana na kubanwa kwa usaha. Ulipopata njia ya kutokea, maumivu yakatulia. Ugonjwa wenyewe bado upo. Watoto wadogo huathirika zaidi kwa sababu mrija unaounganisha chumba hicho na koo ni mfupi kwao na umelala karibu sawasawa, kwa hiyo uchafu wa mafua huingia kwa urahisi.

Hesabu siku

Tangu usaha ulipoonekana mara ya kwanza, hesabu siku. Ndilo swali ambalo mwuguzi wa kituo cha afya atakuuliza, kwa kuwa matibabu yanabadilika kufuatana na jibu lako. Chini ya siku 14, ugonjwa ni mpya: mtoto hupewa dawa ya kumeza, kwa kawaida amoksisilini kwa siku 5, huku sikio likikaushwa nyumbani. Tundu kwenye ngoma likipata nafasi hii mara nyingi hufunga lenyewe.

Ukifika siku 14 au zaidi, sikio limekuwa na ugonjwa sugu. Hapo vidonge haviwezi kazi hiyo. Vijidudu vinavyokaa katika sikio la namna hii ni vingine, vingi havisikii amoksisilini, na dawa inayopita katika damu hufika kidogo sana mahali penye usaha. Ndiyo maana kuna watu wazima wanaonunua vidonge sokoni kila mwaka, wakimeza siku tatu na kuacha, na sikio linaendelea kutoa usaha tangu utotoni. Dawa ya sikio sugu hutiwa sikioni, na haifanyi kazi ndani ya sikio lililojaa usaha. Kwanza likaushwe.

Jinsi ya kukausha

Tuchukue mtoto wa kike wa miaka 6, anayeishi upande wa Kabambare karibu na mto Luama. Usaha umetoka miezi miwili. Nyanya yake alikuwa akimtilia mafuta ya mawese yaliyopashwa moto kidogo, kama alivyofanyiwa yeye. Mwuguzi hamgombezi bibi. Anamwambia, «Mama, mafuta yanaziba njia, usaha unabaki ndani. Leo tuyaache, nikuonyeshe la kufanya.»

Anachukua kitambaa safi cha pamba, laini, kilichofuliwa na kuanikwa juani. Anakata kipande chembamba na kukisokota kwa vidole mpaka kiwe na ncha kama utambi wa taa. Hakifungi kwenye kijiti. Njiti ya kibiriti, unyoya wa kuku na pamba ya kijiti vyote vinaweza kuumiza ngoma. Anavuta ukingo wa sikio kidogo kwenda nyuma, anaingiza utambi polepole mpaka mtoto aseme umegusa, anauacha kidogo unyonye, kisha anautoa. Umelowa. Anautupa, anasokota mwingine. Wa tatu unatoka na unyevu kidogo, wa nne unatoka mkavu. Hapo ndipo sikio liko tayari kupokea dawa. Nyumbani kazi hii hufanywa mara 3 kwa siku, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada.

Dawa yenyewe ni matone ya siprofloksasini. Kituoni wakikosa ya sikio, mwuguzi anaweza kutoa chupa ya siprofloksasini ya macho, na hufaa sikioni. Lakini ya sikio isitiwe machoni kamwe. Shika chupa mkononi dakika chache ipate joto la mwili, maana dawa baridi humfanya mtoto aone kizunguzungu. Mlaze kwa ubavu, sikio bovu likiwa juu, tia matone kama mwuguzi alivyoandika, kisha bonyeza mara kadhaa kile kinundu cha mbele ya tundu la sikio ili dawa isukumwe ndani. Abaki amelala dakika chache. Fanya hivyo kwa siku 14, hata kama usaha umekoma siku ya tano.

Soma jina kwenye chupa kabla ya kununua. Matone yenye jentamisini au neomisini yakipita kwenye ngoma iliyotoboka yanaweza kuharibu usikivu, na usikivu huo haurudi. Mafuta ya taa, maji ya majani, mkojo na maziwa ya mama visiingie sikioni.

Maji

Sikio lililotoboka halitaki maji, na hapa ndipo kazi ya wiki mbili hupotea kwa siku moja. Mtoto asiogelee wala kupiga mbizi, iwe Luama au Lualaba. Akioga, paka pamba vazelini na uzibe nayo mdomo wa sikio, kisha uitoe mara tu anapomaliza. Usiache pamba mchana kutwa: usaha unahitaji kutoka na sikio linahitaji hewa.

Sikio limekauka, je, limepona?

Baada ya siku 14 yule mtoto wa Luama sikio lake limekauka. Hiyo ni hatua kubwa, lakini tundu linaweza kuwa bado lipo, na mafua yajayo yanaweza kurudisha usaha. Lililodumu zaidi ya miezi 3 mara nyingi halifungi lenyewe. Huzibwa kwa upasuaji mdogo na daktari wa masikio, pua na koo, ambaye kwa kawaida yuko katika miji mikubwa. Si jambo la haraka. Hata upasuaji hufanywa sikio likiwa kavu, kwa hiyo kukausha hakupotezi muda.

Wakati huo angalia usikivu wake. Simama nyuma yake, umwite kwa sauti ya chini, ukipima sikio moja baada ya jingine huku ukiliziba lile lisilopimwa. Mtoto anayejibu nusu ya maneno darasani huitwa mkaidi au mzito wa akili, kumbe hasikii. Mweleze mwalimu, mtoto akae mbele, sikio zima likimwelekea.

Kuna masikio ambayo hayakauki hata kwa kazi nzuri. Usaha kidogo unaonuka vibaya na usiokoma unaweza kuwa dalili ya ngozi inayoota ndani ya sikio na kula mfupa polepole. Ugonjwa huo huhitaji mpasuaji. Na usaha usio na maumivu, kwa mtu anayekohoa muda mrefu na kukonda, mwuguzi atautafutia kifua kikuu.

Ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, sikio likisukumwa mbele, uso ukipinda upande mmoja, kizunguzungu kikali, shingo kukakamaa, kutapika pamoja na kichwa kuuma sana, au mtoto amelala na haamshiki, usisubiri matone yaishe. Huenda usaha umeanza kuvuka mfupa kuelekea ubongo. Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku. Atapewa dozi ya kwanza ya antibiotiki na karatasi ya kumpeleka hospitali kuu ya rufaa ya zone yenu.