Kugawa maelezo ya huduma kwenye slaidi: mfano wa kubadilisha anwani USCIS

Vijana na akina mama kadhaa wanaoendesha kurasa za jumuiya zetu kwenye Instagram wameniuliza jinsi ya kueleza huduma kwa picha zile za kusukuma kwa kidole, moja baada ya nyingine. Somo la mwezi huu ni hilo. Tutatumia huduma moja ambayo kila familia iliyofika hapa Marekani itaihitaji, nayo ni kuijulisha USCIS kwamba umehama.

Kwanza tuelewe huduma yenyewe. Mtu asiye raia akihama nyumba, sheria inampa siku 10 kuijulisha idara ya uhamiaji anwani yake mpya. Mkimbizi anaomba grini kadi baada ya kukaa hapa mwaka 1, na majibu, wito wa alama za vidole na hata kadi yenyewe huja kwa barua. Barua ikienda nyumba ya zamani, unaweza kukosa miadi bila kujua kwamba ulikuwa nayo.

Maelezo haya kwa kawaida husambaa WhatsApp yakiwa ujumbe mmoja mrefu. Msomaji anafika katikati, simu inaita, na akirudi hajui alikuwa amefikia wapi. Slaidi zinasaidia hapo, lakini tu zikikatwa mahali panapofaa. Wengi hukata pale nafasi ya maandishi inapoisha. Ninyi kateni pale mikono ya msomaji inapobadilisha kazi: sasa anatafuta karatasi, sasa anaandika anwani ya tovuti, sasa anajaza fomu. Kazi moja, slaidi moja.

Slaidi ya kwanza inamwambia msomaji kama jambo hili linamhusu. Usiweke salamu wala nembo kubwa ya kikundi. Andika:

1/8. Umehama nyumba? Kama wewe si raia wa Marekani, una siku 10 kuijulisha USCIS.

Ya pili inastahili uangalifu. Mtu akiipita ya kwanza bila kuisukuma, Instagram mara nyingine humwonyesha ya pili baadaye. Basi weka hapo kosa linalowapata wengi:

2/8. Kubadilisha anwani posta hakutoshi. Posta haiijulishi USCIS kwamba umehama. Ni lazima uijulishe mwenyewe.

Slaidi ya tatu ni ya vitu vya kuwa navyo mkononi. Ikikaa mwishoni haina kazi, maana msomaji atakuwa ameshakwama katikati ya fomu akitafuta karatasi chini ya kitanda.

3/8. Kabla ya kuanza, weka karibu: anwani ya zamani, anwani mpya, tarehe uliyohama, namba yako ya A. Kama una ombi linalosubiri, weka pia barua yenye namba ya risiti (herufi 3, kisha tarakimu 10).

Hiyo ndiyo slaidi ndefu kuliko zote, na sitaki izidi hapo. Kipimo changu ni kuisoma kwa sauti. Pumzi ikikuishia kabla ya kufika mwisho, punguza au igawe. Kusoma kwa sauti kuna faida nyingine: wazazi wengi watasomewa na mtoto wao, kwa hiyo maneno lazima yasikike vizuri masikioni, si machoni tu.

4/8. Fungua uscis.gov/addresschange. Huduma hii ni bure. Ukiombwa pesa, funga: hiyo si tovuti ya serikali.

Hapa tusimame kidogo. Ningeweza kuweka onyo la matapeli kwenye slaidi ya mwisho, pamoja na maonyo mengine, na ndivyo mabango mengi yanavyofanya. Lakini atakayetapeliwa atatapeliwa akiwa hatua ya nne, akiwa ameandika anwani vibaya na kuangukia tovuti ya watu wanaotoza ada. Onyo la mwisho litamkuta ameshalipa. Onyo likae kwenye slaidi ileile ya kitendo linachokilinda.

Kumbukeni pia kwamba maandishi yaliyo ndani ya picha hayabonyezeki, na hata kiungo ukikiandika kwenye maelezo chini ya posti ya Instagram hakifunguki. Msomaji ataandika kwa mkono wake. Chagua anwani fupi, uiandike kwa herufi kubwa kuliko maneno mengine, na usiikate katika mistari miwili.

5/8. Ingia kwenye akaunti yako ya USCIS, au fungua mpya. Tumia barua pepe yako mwenyewe, si ya jirani.

6/8. Jaza anwani mpya yote. Usisahau namba ya apatimenti. Soma tena kabla ya kutuma.

Namba ya apatimenti inaonekana jambo dogo, lakini jengo lenye milango 40 haliwezi kupokea barua isiyo na namba ya mlango.

7/8. Hakikisha kila mtu nyumbani asiye raia amebadilishiwa anwani, watoto pia. Mtoto aliyezaliwa Marekani ni raia, hahitaji.

8/8. Umemaliza ukiona uthibitisho. Upige picha na kuuhifadhi. Hukuuona? Njoo ofisini na barua zako.

Slaidi ya mwisho haikusema asante. Imesema msomaji atajuaje kwamba jambo limefanikiwa, na aende wapi kama halikufanikiwa. Mtu asipoambiwa alama ya kumaliza, ataacha katikati akidhani ametuma.

Mtaona sikutaja fomu ya karatasi, AR-11. Ipo, lakini ni njia nyingine yenye hatua zake. Ukiweka "au" mbili katika posti moja, msomaji anachanganya hatua za njia hii na za ile. Asiyeweza kutumia mtandao aelekezwe kwa mtu wa kumsaidia.

Sasa jambo ambalo kwa jumuiya yetu lina uzito zaidi. Slaidi zako hazitabaki pamoja. Mama mmoja atapiga picha ya slaidi ya sita na kuituma kwenye kundi la kwaya, na huko hakuna aliyeona ya kwanza. Ndiyo maana kila moja ina namba yake, 6/8, ili mpokeaji ajue kuna nyingine. Chini ya kila moja, kwa herufi ndogo, weka maneno "Kubadilisha anwani USCIS", jina la ukurasa wenu na mwezi mlioitengeneza. Utaratibu wa serikali hubadilika, na picha ya zamani huzunguka miaka mingi bila tarehe.

Kabla ya kuchapisha, mpe mtu mmoja slaidi ya nne peke yake, bila nyingine, umwulize: "Hapa unaambiwa ufanye nini?" Akijibu vizuri, jaribu ya saba. Anayeuliza "Kwa ajili ya nini?" amekuonyesha kwamba jina la huduma halionekani.

Kwa upande wa vipimo, pikseli 1080 kwa 1350 zinatosha, na slaidi zote ziwe na umbo moja, kwa sababu Instagram hufuata umbo la ile ya kwanza. Kutoka nane hadi kumi ni nyingi za kutosha kwa huduma moja.

Mkitaka kuonyesha fomu, tumieni iliyo tupu. Msiweke kamwe picha ya barua ya mtu halisi, hata kama amekubali na hata kama mmefunika jina. Namba ya A na namba ya risiti zikiachwa wazi, kesi ya familia ile imeingia mikononi mwa watu wasiojulikana, na picha ikishatumwa kwenye makundi hairudi.