Nyama, saa na dola tatutatu: kutafsiri proforma ya chakula

Kikundi cha mama wapishi wa Cimpunda kilipata kazi ya kulisha watu 60 katika kongamano la siku mbili. Proforma ilichapwa kwa Kifaransa kwa jina lao, nao walitakiwa kuitia sahihi. Kabla ya kusaini walitaka kujua wanajifunga kwa lipi, wakaniomba niitafsiri. Kamusi hunipa "makadirio ya bei", lakini kwao, kama kwa wafanyabiashara wengi wa Bukavu, hiyo ni proforma tu, nami nimeliacha jina hilo. Ugumu haukuwa kwenye jina.

Mstari wa kwanza ulisema kwamba watu saba ni vejetarieni. Tafsiri ya haraka ni "wasiokula nyama", na hapo ndipo Kiswahili kinapomtega mtafsiri. Katika matumizi ya kila siku nyama mara nyingi ni ya ng'ombe au mbuzi. Ndiyo maana mtu huulizwa mezani, "Nyama ao kuku?" bila yeyote kuona ajabu. Samaki yuko mbali zaidi na neno hilo. Nilipomsomea mama mmoja rasimu, aliuliza mara moja: "Na samaki anakulaka?" Swali lake lilikuwa na msingi, kwa sababu sombe, ambayo mgeni huiona kuwa majani matupu, hapa kwetu hupikwa mara nyingi na sambaza au ndagala zilizotwangwa. Zikishachanganyika na mawese hazionekani tena. Mpishi atakuwa ametimiza neno "bila nyama", na mlaji atakuwa amekula samaki. Kwa hiyo niliacha kutaja aina ya mtu, nikataja kisichoingia chunguni: "Sahani 7 zisizo na nyama yoyote, kuku, samaki, sambaza wala ndagala, hata katika sombe." Kuhusu mayai na maziwa, Kifaransa chenyewe kilikuwa kimya. Hapo mtafsiri hana haki ya kubuni. Mwandaaji aliulizwa, akajibu kwamba vinaruhusiwa, tukaviandika.

Sahani tisa za halali zilihitaji maelezo kama hayo. "Bila nguruwe" haitoshi, maana kuku naye anaweza kuwa si halali, kulingana na alivyochinjwa.

Saa zilikuwa tatu: 10h00, 12h30 na 16h00. Bukavu jua huchomoza karibu na saa sita za Kifaransa, na kwa hesabu ya Kiswahili saa moja hutimia baada ya hapo. Kwa hiyo tunatoa sita: saa nne asubuhi, saa sita na nusu mchana, saa kumi alasiri. Jambo hili kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Hatari imo katika tarakimu. Anayenakili "saa 10:00" ameandika Kiswahili sahihi kabisa, ila chenye maana ya saa kumi, na saa kumi nayo imo katika ratiba, kwa hiyo kosa halijitangazi. Kinacholifichua ni "saa 16:00", kwa sababu hesabu yetu inaishia kumi na mbili. Nikiona namba kubwa kuliko hiyo katika tafsiri, najua saa zote zilizotangulia nazo hazikugeuzwa. Mimi huandika kwa maneno, pamoja na kipindi cha siku, kisha naweka saa ya Kifaransa kwenye mabano.

Kitenzi nacho kina neno lake. "Kuandaa saa sita na nusu" kunaweza kuwa kupika au kupanga meza. Niliandika: "Chakula kiwe mezani, tayari kupakuliwa."

Bei ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi. Chakula cha mchana kilikuwa dola 10 kwa mtu kwa siku. Chini yake palikuwa na mapumziko ya kahawa, mawili kwa siku, dola 3 kwa mtu. Je, ni dola 3 kwa kila pumziko, au kwa yote mawili? Sarufi ya mstari huo haijibu. Jibu limo katika jumla iliyo chini ya ukurasa, 1920. Ukichukua 10 na 3 na 3 unapata 16 kwa mtu kwa siku. Mara 60 ni 960, mara siku mbili ni 1920. Kwa maana ya pili ingekuwa 13, na jumla 1560. Tofauti ni dola 360, na mwenye kulipa angeweza kuidai tafsiri inayoacha mlango huo wazi.

"Kwa kila mtu" peke yake haiufungi. Kiswahili kina njia ambayo Kifaransa hakina: kurudufu namba ili kugawa. Nakala waliyoisaini inasema: "Kila pumziko, watu watalipiwa dola tatutatu, mapumziko ni mawili kila siku, kwa siku zote mbili."