Safu ya Afya: Jirani yangu alishika mimba akiwa kwenye sindano

*Sista, mimi ni mama wa watoto wawili, kitinda mimba ana mwaka na miezi minne. Nashona nguo EPZ kule Athi River na shifti zangu hubadilika kila mara. Nilipoanza sindano ya miezi mitatu niliambiwa inazuia mimba kwa asilimia 99. Jirani yangu alikuwa akidungwa hiyo hiyo, na sasa ni mjamzito. Mimi nilidungwa tarehe 3 Februari 2025, nikaandikiwa nirudi 5 Mei. Nilipofika niliambiwa dawa imeisha, nirudi wiki ijayo. Kazi ikanibana, kisha nikaenda Kajiado kumuuguza mama mkwe. Nilirudi kliniki 10 Juni. Nilipimwa mkojo, nikaonekana sina mimba, nikapewa kondomu nikafikirie njia. Tungependa mtoto wa tatu baada ya miaka miwili hivi. Nimwamini nani, muuguzi au jirani? — Mama Wawili, Kitengela*

Mama Wawili, waamini wote wawili. Sindano ina hesabu mbili, na wewe uliambiwa moja tu.

Chukua wanawake 100 wanaokutana na waume zao mwaka mzima bila kinga yoyote. Takriban 85 watashika mimba. Wakidungwa sindano hii na kila mmoja akarudi kwa wakati bila kukosa, hata mmoja huenda asishike. Hiyo ndiyo 99 uliyoambiwa. Lakini ukiwahesabu wanawake jinsi wanavyoishi, pamoja na nauli iliyokosekana, msimamizi aliyekataa kutoa ruhusa na dawa iliyoisha kliniki, wanaoshika mimba kwa mwaka ni kama 4 kati ya 100. Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni siku ya kurudi.

Tuitazame kadi yako. Kutoka 3 Februari hadi 5 Mei ni wiki 13. Dawa haikatiki siku hiyo hiyo, ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu mwanamke aliyechelewa hadi wiki nne kudungwa bila masharti ya ziada. Kwako wewe wiki hizo nne ziliisha 2 Juni. Ulifika 10 Juni, siku nane baadaye, na ndiyo sababu ulipimwa mkojo kwanza. Muuguzi alifanya vyema.

Hata hivyo kipimo kile hakijamaliza kazi. Mimba changa sana haionekani kwenye mkojo, kwa hiyo ikiwa mlikutana bila kinga katika wiki tatu kabla ya kupimwa, rudia kipimo wiki tatu hadi nne baada ya kile cha kwanza. Usingoje hedhi ikueleze. Wengi walio kwenye sindano hukosa hedhi kwa miezi bila ubaya wowote, na hata baada ya kuiacha hukawia kurudi. Na mkikutana tena bila kondomu, vidonge vya dharura, vile watu wanaviita P2, hutumika ndani ya siku tano. Kadiri unavyovimeza mapema ndivyo vinavyosaidia zaidi.

Sasa njia zenyewe. Swali ambalo ningeanza nalo ni hili: njia hii inanidai nikumbuke nini, na mara ngapi? Vidonge vya kila siku vinakudai kila siku, kwa saa karibu ile ile, na katika maisha ya kawaida wanaoshika mimba ni kama 7 kati ya 100 kwa mwaka. Kondomu ya kiume inawadai ninyi wawili kila mnapokutana, na hapo ni kama 13. Ila kondomu ndiyo inayokinga pia Virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa, jambo ambalo sindano, kijiti na koili haziwezi. Mwanamke anaweza kutumia njia nyingine na kondomu pamoja.

Kijiti na koili hazikudai kukumbuka lolote baada ya siku ya kuwekwa, na hiyo ndiyo siri ya nguvu yake. Kijiti huingizwa chini ya ngozi ya ndani ya mkono, juu ya kiwiko, baada ya sindano ya ganzi. Ni kazi ya dakika chache. Wanaoshika mimba ni kama 1 kati ya 1,000 kwa mwaka. Kuna aina za miaka mitatu na za mitano. Kinachowasumbua wengi ni damu: matone ya siku nyingi, au hedhi isiyo na mpangilio, hasa mwaka wa kwanza. Si dalili ya ugonjwa, lakini ni usumbufu wa kweli, na mwanamke akisema umemshinda ana haki ya kutolewa kijiti siku yoyote, hata kabla ya mwaka kwisha.

Koili ya shaba haina homoni. Huwekwa ndani ya mfuko wa uzazi na hudumu miaka 10 au zaidi. Wanaoshika mimba mwaka wa kwanza hawafiki 1 kati ya 100. Miezi ya mwanzo hedhi huwa nzito na tumbo hukata zaidi. Mara chache hutoka yenyewe, hasa miezi mitatu ya kwanza, basi ukigusa uzi na kuhisi plastiki ngumu, au usiupate kabisa, tumia kondomu na urudi kliniki. Najua wanavyosema, kwamba koili hupanda hadi moyoni. Hakuna njia ya kutoka mfuko wa uzazi kwenda huko.

Kufunga mirija sikuelezi kwa kirefu kwa kuwa bado mnataka mtoto. Hiyo ni njia ya kudumu.

Kuhusu huyo mtoto wa tatu, jambo hili linastahili kupimwa kabla ya kuchagua. Ukitoa kijiti au koili, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Sindano haiharibu uzazi, lakini huchelewesha: wengi huchukua takriban miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Ukibaki nayo, iache mapema kuliko mwezi mnaoupanga.

Mwambie muuguzi dawa zote unazomeza. Rifampisini ya kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa, na efavirenzi ya Virusi vya Ukimwi hupunguza nguvu ya kijiti na vidonge. Sindano na koili ya shaba hazipunguzwi.

Ukichagua kijiti au sindano, unaweza kuanza bila kungoja hedhi, mradi muuguzi aridhike kwamba huna mimba, kisha utumie kondomu siku saba za kwanza. Na kama moyo wako uko kwenye sindano, kuna jambo ambalo kadi haisemi: unaruhusiwa kudungwa hadi wiki mbili kabla ya tarehe uliyoandikiwa. Kwa kadi yako ya Februari, ungeweza kwenda 21 Aprili. Ungeambiwa dawa imeisha ukiwa bado na wiki mbili za kujaribu kituo kingine, Kitengela au hata kule Kajiado kwa mama mkwe. Uliza pia sindano ndogo ya chini ya ngozi, ambayo mwanamke hufundishwa kujidunga mwenyewe nyumbani. Ikiwa kituo chako kinayo, shifti haitakuwa kizuizi tena.