Yai na Maharagi kwenye Mizani

Watoto, leo tutafanya hesabu ya chakula. Tuchukue shule moja ya mfano kando ya ziwa Tanganyika. Ina watoto 100, na karani wake amepewa franka 50.000 kwa siku ili kila mtoto apate kitu pamoja na ugali wake. Sokoni yai moja ni franka 500. Karani anafurahi: watoto 100, mayai 100, feza imetosha kabisa! Lakini je, amenunua vizuri?

Kwanza jueni neno moja: protini. Ni sehemu ya chakula inayojenga mwili: nyama, ngozi, damu. Mtoto anayekua asipoipata ya kutosha hubaki mfupi na mnyonge, hata kama tumbo lake limejaa. Tunaipima kwa gramu. Basi tusiulize yai ni bei gani, bali gramu moja ya protini ni bei gani.

Yai la ukubwa wa kawaida lina protini gramu 6. Gawanya 500 kwa 6: gramu moja inapata franka 83. Kilo moja ya maharagi makavu ina protini karibu gramu 220. Tuseme bei yake ni franka 2.200. Gramu moja, franka 10 tu! Kilo ya ndagala wakavu ina karibu gramu 600. Kwa bei ya franka 18.000, gramu moja ni franka 30. Na unga wa muhogo? Kilo ni franka 1.500, watu husema ni rahisi. Lakini ndani yake mna protini gramu 15 hivi. Gawanyeni wenyewe: franka 100! Muhogo unatoa nguvu ya kutembea na kulima, lakini kwa kujenga mwili ni ghali kuliko yai.

Sasa mtu atasema: protini zote si sawa. Ni kweli. Protini ya yai lililopikwa huingia mwilini karibu yote, lakini ya maharagi karibu robo moja hupotea tumboni. Basi tuongeze bei ya maharagi: franka 10 zinakuwa 13 hivi. Bado ni mbali na 83. Tena maharagi yana upungufu wa kitu kimoja cha kujengea, ambacho yai na samaki wanacho kwa wingi. Kwa hiyo ndagala wachache juu ya maharagi hufanya kazi kubwa kuliko wingi wao.

Karani akanunue hivi: maharagi kilo 2 na gramu 700, karibu franka 6.000, na ndagala kilo moja, franka 18.000. Jumla 24.000. Kila mtoto atapata gramu 6 kwa maharagi na gramu 6 kwa ndagala. Ni mara mbili ya yai, kwa nusu ya feza. Zinazobaki zinunue mafuta na mboga.

Je, tuache mayai? Hapana, tuangalie ni nani anayekula. Mtoto wa miezi minane ana tumbo dogo, na maharagi hayawezi kumpa kila kitu. Hayana vitamini B12 hata kidogo. Yai linayo, pamoja na mafuta na vitu vingine vinavyosaidia ubongo. Mwaka 2017 yalitangazwa majaribio ya nchi ya Ekwado, Amerika ya Kusini. Watoto wachanga wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa muda wa miezi sita. Waliongezeka urefu wazi kuliko wenzao wasiopewa.

Lakini mwaka 2019 majaribio ya namna hiyo huko Malawi, karibu na ziwa, hayakuonyesha tofauti ya urefu. Kwa nini? Pengine ni kwa sababu watoto wengi wa huko walikwisha kula samaki. Yai husaidia zaidi pale ambapo chakula cha namna hiyo kinakosekana.

Basi mama mwenye mayai matano afanye nini? Akiuza moja, franka 500 zitampa maharagi yenye protini gramu 50 kwa wakubwa. Hilo ni jambo la akili. Lakini asiuze yote: la mdogo libaki nyumbani. Alichemshe mpaka kiini kigande, kwa maana yai bichi huweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, na protini yake karibu nusu haiingii mwilini. Na yai linaloelea majini limezeeka; asimpe mtoto.

Maulizo

1. Ulizeni sokoni kwenu bei ya yai, ya kilo ya maharagi na ya kilo ya karanga. Kilo ya karanga ina protini karibu gramu 250. Gramu moja ya kila chakula ni bei gani?

2. Mayai ya kuku wa kijijini ni madogo. Moja lina protini gramu 4 hivi. Likiuzwa franka 500 vilevile, gramu moja ni franka ngapi?