Kitenzi na Tarakimu katika Wasifukazi wa Afisa wa Mikopo

Makala haya yanachunguza sentensi moja ya wasifukazi: "Nilisimamia mikopo ya shilingi milioni 27." Mwandishi wake, wa kubuni, ni afisa wa mikopo Kawangware anayeomba kazi katika benki katikati ya jiji la Nairobi.

Kitenzi simamia hakielezi alianzia wapi. Iwapo alikabidhiwa milioni 18 na wateja 210, akaacha milioni 27 na wateja 290 baada ya miezi 18, mchango wake ni milioni 9 na wateja 80. Kitenzi kinachomstahili ni kuza.

Hata hivyo, anayekopesha ovyo naye hukuza. Ndiyo maana benki hutafuta tarakimu ya pili: salio la mikopo iliyochelewa kulipwa kwa zaidi ya siku 30. Likiwa milioni 1.08, ni asilimia 4 ya jumla. Huhesabiwa salio lote la mkopo uliochelewa, si rejesho lililokosekana pekee. Waombaji wengi huteleza hapa. Tena, mikopo mipya haijapata muda wa kuchelewa, hivyo ukuaji wa ghafla huipamba asilimia hiyo.

Kwa keshia, "usahihi wa asilimia 100" ni maneno matupu. Aseme ni siku ngapi alifunga hesabu bila upungufu wala ziada (ziada nayo ni kosa). Mafunzo ya sheria yatajwe kwa jina na mwaka, kwa mfano ya kuzuia utakatishaji wa fedha chini ya sheria ya Kenya ya 2009.